Soketi Sita na Shokesi ya Mninga

Siku niliyomfuata mume wangu kwenye kibanda cha gemu pale Maili Moja, nilimkuta amekaa kwenye benchi la mbao katikati ya vijana wawili, tai ameitupia begani, anamwambia refa wa kwenye televisheni kwamba ile ilikuwa penalti. Refa hakumjibu. Vijana nao hawakumjibu, ila mmoja alininong'oneza, "Mama, ni mzee wako? Tusaidie. Zamu yake imeisha kitambo."

Mwaka mzima nilikuwa naambiwa ni foleni. Mume wangu anafanya kazi Dar es Salaam, na mtu anayerudi Kibaha kila jioni ana haki ya kulaumu foleni hadi ulimwengu uishe; hakuna anayeweza kumkagua. Mimi nilipika, nikafunika, nikapasha, nikafunika tena. Binti yetu yuko shule ya bweni, kwa hiyo wa kula nami walikuwa wawili tu: televisheni na mjusi wa ukutani. Kumbe mwenzangu alikuwa anashuka basi saa kumi na moja na nusu kama watu wote, anavuka barabara, anaingia kibandani.

Hatukugombana. Sisi ni watu wazima, tuliandikiana masharti. Nilimwambia nitamtengenezea kona ya gemu nyumbani, kwenye kile chumba kidogo cha uani, mashine tutanunua, na yeye akishuka basi aje moja kwa moja.

"Nyumbani itakuwa inazimikazimika," akasema. "Yule jamaa wa kibandani ana utaalamu."

"Nipe wiki mbili."

Akafikiri kama mtu anayepewa mkataba wa madini. "Sawa. Wiki mbili kuanzia siku ya kwanza nitakapokaa. Ikizimika mara tatu katikati ya mchezo, narudi kibandani, na usiniulize tena nilikuwa wapi. Umeme ukikatika mtaa mzima hatuhesabu."

"Na isipozimika?"

"Nitakuwa mume wa nyumbani."

Alisema hivyo akicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa tayari nachora.

Ninafanya kazi masjala. Kazi yangu ni kuhakikisha kila faili liko mahali pake na hakuna karatasi inayochungulia nje ya jalada. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba nikiona waya unaning'inia ukutani nasikia kama kuna mtu kanitukana. Vile vibanda vya gemu nilivyowahi kupita nje yake vilinitisha kuliko kelele zake: nyaya kama matumbo ya kuku sokoni. Nikaapa kwamba kona yangu haitaonyesha hata waya mmoja.

Chumba chenyewe kina upana wa hatua nne na urefu wa hatua tano fupi. Kuna kitanda cha futi tatu na nusu anacholalia mama mkwe akija kliniki kutoka Kisarawe, dirisha moja lenye wavu, na soketi moja nyuma ya kitanda ambayo ukitaka kuitumia inabidi ulale kifudifudi. Nikaandika orodha ya vitakavyohitaji umeme: televisheni, mashine ya gemu, kisanduku cha intaneti, feni, chaja ya pedi ya kuchezea, na pasi, kwa sababu chumba hicho ndicho ninachopigia pasi. Sita. Nikamwita fundi.

Fundi alikuja na bisibisi moja na simu mbili. Alisikiliza orodha yangu kwa heshima, akatazama dari, akatazama ukuta.

"Mama, hapa tunatakiwa tutoe laini mpya kutoka kwenye meinswichi," akasema. "Tupitishe bomba ukutani mpaka huku."

"Bomba gani?"

"Hili jeupe la plastiki. Linapita juu hapa, linashuka pale."

"Nitaliona?"

"Utaliona kidogo."

"Fundi, mimi sitaki kuona kitu. Hata kidogo."

Akatazama tena dari. Nilidhani anawaza namna ya kitaalamu. Baadaye nilikuja kujua alikuwa anawaza namna ya kumaliza kabla ya adhuhuri.

"Inawezekana," akasema. "Nitashushia kwa ndani, juu ya dari."

Kufika saa sita nilikuwa na soketi sita ukutani, zimepangwa mbili mbili, kila moja na kitaa chake chekundu, na hakuna bomba wala waya. Fundi alirudi nyuma hatua mbili akazitazama kama mtu aliyechora picha. "Kama ofisi ya mkurugenzi," akasema. Nikamsifia. Nikampa na soda.

Ilibaki mashine yenyewe iwekwe wapi. Meza sikuitaka, meza ina miguu na chini ya miguu hukusanyika nyaya. Nikakumbuka shokesi ya mama mkwe.

Mama mkwe anakaa Vihingo, ndani kabisa Kisarawe, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe pamoja na shamba la mihogo na mikorosho. Sebuleni kwake kulikuwa na shokesi ya mninga, ndefu kufikia kifuani, mgongo wa ubao, milango miwili ya kioo chini na rafu juu. Mara kadhaa aliwahi kuniambia, "Siku ukiitaka, njoo uibebe, mimi inanilia nafasi." Nikaenda Jumamosi na kirikuu ya kukodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona peke yako? Mwenzio anaumwa?"

"Hajambo. Nimemfuatia ile shokesi."

"Ya kuweka vyombo?"

"Ya kuweka mashine yake ya gemu."

Mama mkwe alikuwa anamenya mihogo. Akaacha. "Gemu ndiyo nini?"

"Mpira, mama. Anacheza kwenye televisheni."

"Anacheza yeye, au anaangalia?"

"Anacheza. Amekaa."

"Mpira wa kukaa." Akamenya muhogo mzima kabla ya kuendelea. "Baba yake alicheza wa kusimama akavunjika mguu. Labda huu ni bora."

Niliizunguka ile shokesi kama mnunuzi wa gari. Nikauliza mbao zina wadudu, akasema hazina. Nikauliza kioo kimewahi kubadilishwa, akasema hapana. Nikauliza kama ina kufuli. Alifungua pindo la khanga yake akanipa ufunguo mdogo wa shaba. Kisha akaingia chumbani akatoka na vitambaa vitatu vyeupe alivyofuma mwenyewe, vyenye maua pembeni, vimepigwa wanga vikasimama kama kofia.

"Kimoja cha juu ya televisheni, kimoja cha juu ya hiyo mashine, kimoja cha akiba. Vumbi la Kibaha silipendi."

Ninataka nieleze hapa jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwenye nyumba zetu, kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio ilikuwa na kitambaa, televisheni ilikuwa na kitambaa, friji ina kitambaa hadi leo, na nimewahi kumwona mtu aliyekifumia kitambaa chungu cha maua. Kitu kikishafunikwa, kinafungiwa ndani ya kioo, na kikishafungiwa, ufunguo unakaa kwa mwenye nyumba. Tunakiheshimu hivyo mpaka kinakufa, na kikifa hatukitoi.

Kwa hiyo nilifanya kwa heshima zote. Shokesi niliisukuma hadi ikagusa ukuta. Televisheni juu, mashine chini nyuma ya kioo, kitambaa juu ya mashine, maua yake yakishuka pande zote mbili. Soketi zilikuwa mbali kidogo na ile shokesi, nikaongeza ekstensheni ya mita tano. Mita nne zilizobaki nikazizungusha duara safi, nikazifunga kwa vibana vya plastiki, nikaliingiza lile duara pamoja na ekstensheni kwenye boksi la viatu, nikafunga kifuniko, nikalivisha boksi karatasi ya zawadi. Kila plagi niliibandikia jina kwa mwandiko wa masjala. Dirisha nililiwekea pazia zito ili mwanga usipige kwenye kioo cha televisheni. Nilipomaliza niliketi kitandani nikatazama. Hapakuwa na waya hata mmoja. Ungedhani mashine ile inaendeshwa kwa dua.

Mume wangu alipoingia siku ya kwanza, alisimama mlangoni.

"Mashine iko wapi?"

"Nyuma ya kioo."

"Hiyo yenye gauni?"

Lakini alikaa. Na kwa siku tatu nilikuwa mwanamke wa kusimuliwa. Saa kumi na mbili kasoro anabisha hodi, saa mbili anakula nami, chakula kina moshi wake wa kwanza. Jirani yangu aliniuliza dawa nimeipata kwa nani. Nikamwambia kwa fundi umeme.

Siku ya nne, yeye anacheza, mimi nikachomeka pasi kwenye soketi ya sita ili ninyooshe shati lake la kesho. Pasi ilikuwa bado haijapata moto wa kutosha, taa ikazima, televisheni ikazima, feni ikapunguza mwendo taratibu kama mzee anayekaa chini. Nikachungulia dirishani: kwa jirani taa zinawaka. Jikoni kwetu friji inanguruma. Ni chumba hicho, korido na sebule tu, vyote vinavyotumia laini moja ya taa.

Mume wangu alitoka gizani akitabasamu; niliona meno tu. "Moja," akasema.

Nilikwenda kwenye boksi la meinswichi. Ile swichi ndogo ya kinga iliyoandikwa "taa" ilikuwa imejiangusha yenyewe. Niliipandisha, vyote vikawaka. Nikampigia simu fundi.

"Fundi, soketi zako zinaangusha swichi ya taa."

"Umechomeka nini, mama?"

"Pasi."

"Aa. Pasi usichomeke pale."

"Si nilikuandikia kwenye orodha? Namba sita."

"Orodha ilikuwa nzuri, mama. Ila mama si ulisema hutaki kuona waya? Nimeunga kwenye waya wa taa ya dari, ndio ulikuwa karibu. Nilifanya usiuone."

Waya wa taa ni mwembamba na swichi yake ni ndogo. Kazi yake ni balbu. Televisheni, mashine na feni uliwabeba kwa kulalamika. Pasi peke yake hula kuliko hao wote kwa pamoja, na pale ile swichi ilifanya kazi yake ya kuzuia nyumba isiungue. Nilikuwa na soketi sita zinazokunywa kwenye bomba la mtu mmoja. Nikamlaani fundi kwa dakika tano, kisha nikakumbuka nilivyomsifia, na ile soda.

Pasi nikaihamishia jikoni. Nikadhani nimemaliza.

Siku ya sita ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa jikoni nasikia mashine ikivuma. Ilikuwa imeanza kuvuma tangu juzi yake, kwanza kama feni, halafu kama mashine ya kusaga, na jioni hiyo ikafika kama ndege inayotafuta uwanja. Ghafla kimya. Nikakimbia. Taa zinawaka, feni inazunguka, televisheni inawaka ila nyeusi.

"Mbili," akasema mume wangu. Alikuwa ameshika pedi mapajani kwa upole wa mtu aliyepokea mshahara.

"Imezimika yenyewe?"

"Umeme wako mdogo."

"Taa haijatikisika."

"Mimi si fundi, mama. Mimi nahesabu tu."

Ilikuwa imebaki moja, na siku nane mbele yangu. Usiku ule nilianza kumshuku mume wangu kama ninavyomshuku mtu anayeleta jalada kavu siku ya mvua. Kwa nini alikuwa na furaha? Mtu anayekatishwa mchezo huwa analaani. Huyu alikuwa kama anayesubiri basi ambalo ameshaliona kwa mbali.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kibandani mwenyewe, kabla wateja hawajajaa. Mwenye kibanda ni mwanamume wa makamo, mtulivu, aliyekuwa akipangusa mashine zake kwa brashi ya kupakia rangi. Nilimwambia mimi ni mke wa nani. Akashusha pumzi.

"Mama, karibu. Anarudi lini?"

"Hilo ndilo lililonileta."

Nikasimama nikatazama, mara hii kwa kutazama kweli. Mashine zake nne hazikuwa na kitambaa. Zilikaa juu ya kreti tupu za soda, zile zenye matundu, hewa inapita chini na nyuma na juu. Kila mashine ilikuwa na kiganja kizima cha nafasi pembeni. Feni ilisimamishwa kando, inasukuma hewa moto kuelekea mlangoni, siyo kuizungusha mulemule. Nyaya ambazo nilikuwa nikiziona kama matumbo ya kuku zilikuwa, ukizifuata moja moja, zina mpangilio: za umeme upande huu, za picha upande ule, zimefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ambavyo unaweza kuvifungua kwa kidole. Hakuna uliozungushwa. Na bomba jeupe la plastiki lilipita ukutani, waziwazi, bila aibu, kutoka kwenye meinswichi hadi kwenye soketi.

"Hizi zinazimika mara ngapi?" nikauliza.

"Zikizimika mimi sili."

Nikamweleza kona yangu. Nilieleza kwa fahari kidogo, nakiri. Nilifika kwenye ufunguo wa shaba ndipo nikaona anauma mdomo.

"Kwa hiyo iko ndani ya kabati," akasema.

"Shokesi."

"Imefungwa."

"Kwa kufuli."

"Na juu ina...?"

"Kitambaa."

Aliweka brashi chini. "Dada, hiyo mashine inavuta hewa baridi, inatoa ya moto. Wewe umeifungia na pumzi yake yenyewe, ukaivisha na sweta. Kabla haijazima huwa inaandika kwenye kioo cha televisheni kwamba imepata joto. Mzee hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Inaandika kwa herufi kubwa."

Nikaona jambo moja linanikaa sawa kichwani. Kisha nikamuuliza lililokuwa likinisumbua: kwa nini ananisaidia, nami ninamnyang'anya mteja.

"Mteja?" Akachungulia nje kwanza. "Mumeo anacheza mchezo mmoja, anabishana saa nzima. Akifungwa anataka turudie. Siku moja alitaka tupige kura kama ilikuwa ofsaidi. Vijana wakimwona anavuka barabara wanahamia kwa mwenzangu kule mbele. Dada, mimi Jumapili nakuja mwenyewe, na fundi wako nakuja naye. Bure."

Jioni ile nilimsubiri mume wangu avue viatu.

"Jana kabla mashine haijazima, iliandika nini?"

"Iliandika maneno."

"Maneno gani?"

"Ya Kiingereza."

Mtu huyu huandika ripoti za Kiingereza mwezi mzima, na mimi ndiye ninayemsikia akizisoma kwa sauti bafuni. Nikamtazama tu. Akasema kwa sauti ndogo, "Iliandika ina joto. Lakini kwenye masharti hatukuandika kwamba nitoe taarifa."

"Hatukuandika."

"Basi."

Jumapili walikuja. Fundi alikuja na bomba jeupe begani, hanitazami usoni. Mwenye kibanda alifungua shokesi, akaingiza mkono ndani, kisha akauweka juu ya boksi langu la viatu na kuniomba nami niliguse. Lilikuwa la uvuguvugu kama yai lililotoka kutagwa, na hapo mashine ilikuwa imewashwa nusu saa tu.

"Waya uliozungushwa hivi ukipitisha umeme unajipasha wenyewe," akasema. "Na karatasi ya zawadi ni karatasi."

Laini mpya ilitoka kwenye meinswichi, waya mnene, na swichi yake ya kinga peke yake, na waya wa ardhi ambao kwenye soketi za mwanzo fundi alikuwa ameusahau pamoja na mengine. Bomba lilishuka ukutani mbele ya macho yangu. Niliuliza kama linaweza kupakwa rangi ya ukuta, fundi akasema linaweza, akamtazama mwenye kibanda, naye akasema, "Mwachie mama rangi yake." Waya wa taa ulirudishwa kwenye kazi yake ya balbu. Shokesi ilisogezwa kiganja kimoja kutoka ukutani na kuhamishiwa karibu na soketi, ekstensheni ikawa haina kazi. Nyaya zilipitishwa nyuma ya mguu wa shokesi, zikafungwa kwa mpira wa baiskeli, za umeme huku na za picha kule. Zilionekana. Majina yangu ya plagi waliyaacha, na mwenye kibanda alisema atayaiga. Pazia zito tukalibadilisha kwa jepesi na dirisha likafunguliwa upande wa wavu, feni ikageuzwa.

Ikabaki milango ya kioo na ubao wa mgongo. Hapo ndipo fundi alipoinua bisibisi yake moja, akanitazama. Ile ilikuwa mali ya marehemu baba mkwe. Mama mkwe alikuwa anakuja Jumamosi, siku ya mwisho ya zile wiki mbili, kwa ajili ya kliniki ya Jumatatu, na angelala futi tatu kutoka kwenye shokesi ya mumewe ikiwa haina mgongo.

Nikamwambia afungue.

Siku tano zilizofuata nilizihesabu kama mfungwa. Mashine haikuvuma. Jumatano nilichomeka pasi kwenye soketi ya sita katikati ya mchezo, kwa makusudi, nikasimama nikinyoosha shati moja kwa dakika ishirini. Mume wangu hakutazama mchezo hata kidogo, alikuwa anaitazama pasi. Hakuna kilichoanguka. Ijumaa alisema shingo inamuuma, labda aiache kona kwa leo, atembeetembee kidogo kule Maili Moja.

"Tembea," nikamwambia. "Ila mwenye kibanda ananisalimia kila siku. Anasema vijana wanakuogopa."

"Wanaogopa uwezo wangu."

"Wanaogopa kura."

Alikaa kitako muda mrefu baada ya hapo bila kuwasha kitu. Nilimwonea huruma kidogo. Mtu anapogundua kwamba mahali alipokuwa akitorokea walikuwa wanamwombea asije, ni jambo la kumwachia dakika zake.

Jumamosi mama mkwe alifika kabla ya mchana na kapu la mihogo. Tulisalimiana, akanywa maji, akaenda chumbani kuweka mzigo wake. Nilimfuata hadi mlangoni. Alisimama mbele ya shokesi. Akapitisha kidole mahali bawaba za mlango zilipokuwa. Akainama akachungulia, akaona ukuta.

"Mgongo uko wapi?"

"Nyuma ya kabati la nguo, mama. Na milango. Nimevihifadhi vyote, ufunguo ninao. Mashine ilikuwa inapata joto, ikawa inazima. Nisamehe."

"Joto," akasema. Akakaa kitandani taratibu. "Humu?"

"Humu."

"Marehemu alifungia redio humu. Ya kwanza ikafa. Akanunua ya pili, ikafa. Ya tatu nikasema ni husuda ya yule mke wa ndugu yake, maana alikuwa akija lazima aiulizie. Sijazungumza naye miaka kumi na mbili." Akaitazama ile shokesi kama inaweza kujitetea. "Joto."

"Mama, mbona hukuniambia siku ile nilipokuja?"

"Uliniuliza wadudu, kioo na kufuli. Redio hukuniuliza."

Akaomba simu yangu. Nilimsikia akiwa dirishani anampigia mtu Kisarawe, anaanza na salamu ndefu sana.

Jioni yake, jua lingali juu, mume wangu alikaa kwa mchezo wa mwisho wa wiki mbili. Alikuwa na matumaini, niliyaona mabegani. Mama yake alikaa kitandani nyuma yake, mimi mlangoni na ungo wa mchele. Alichagua timu kubwa, akaichagulia mashine timu dhaifu, akashusha ugumu hadi mwisho wa chini.

Alifungwa la kwanza mapema.

"Wewe ndiye wa nyekundu?" mama yake akauliza.

"Wa bluu, mama."

"Aa. Hao wanaokimbizwa."

La pili lilipoingia aligeuka akatazama soketi. Vitaa sita vyekundu, vyote vinawaka. Akatazama feni, ikamtazama. Akaweka mkono juu ya mashine, akauondoa. Ilikuwa na joto la kawaida. Akafuata nyaya kwa macho kutoka plagi hadi plagi, akisoma majina yangu moja moja, mdomo ukitikisika. La tatu liliingia akiwa bado anasoma.

"Umeme vipi leo?" nikamuuliza.

"Upo," akasema.

"Na joto?"

Filimbi ikapulizwa. Hakumwambia refa neno. Alizima mashine kwa kitufe, ikiwa ni mara yangu ya kwanza kuiona ikizimwa na mtu, akachukua kigoda, akaja kukaa upande wa pili wa ungo wangu, akaanza kutoa mawe kwenye mchele. Alikuwa anayatupa na punje nzuri pia. Mama yake alimwangalia kidogo, kisha akauvuta ungo upande wake.